Kreatini na upara: asilimia 56 ilitoka wapi

Uvumi mwingi wa jimu hauna baba wala mama. Huu unaosema kwamba kreatini, unga wanaoutumia wanyanyua vyuma, huleta upara, unao. Tunajua mwaka uliozaliwa, chuo ulikotoka na idadi ya watu waliopimwa. Mwaka 2009 watafiti van der Merwe, Brooks na Myburgh wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wachezaji 20 wa raga wenye umri wa wanafunzi wa chuo. Katika matokeo hayo kulikuwa na jambo moja ambalo limesafiri kuliko utafiti wenyewe: baada ya wiki moja ya kreatini, homoni iitwayo DHT ilipanda kwa asilimia 56.

Hakuna mchezaji aliyehesabiwa nywele. Hakuna aliyepigwa picha ya kichwa. Neno upara liliingia baadaye, kwa watu waliojua kwamba DHT ndiyo homoni inayohusishwa na upara wa wanaume, wakaunganisha mambo mawili wakapata la tatu. Muunganiko huo si wa kijinga, na ndiyo maana haufi kwa kukanushwa tu. Unastahili kufuatwa hatua kwa hatua, tuone unashika wapi na unaachia wapi.

Kwa nini DHT inaogopwa

DHT ni kifupi cha dihidrotestosteroni. Mwili huitengeneza kutoka kwa testosteroni kwa kutumia kimeng'enya kinachoitwa 5-alfa-reduktasi. Kazi hiyo hufanyika kwenye ini, kwenye tezi dume, kwenye ngozi, na pia ndani ya vifuko vya nywele, yaani vile vimifuko vidogo vya ngozi ambamo kila unywele huota. DHT hujishikiza kwenye kipokezi kile kile cha testosteroni, lakini hukishika kwa nguvu zaidi na kwa muda mrefu zaidi.

Kwa mwanamume aliyerithi vifuko vyepesi kuathirika, hasa vya utosini na kwenye kona za paji la uso, msukumo huo hufupisha kipindi cha unywele kukua. Kila mzunguko mpya huzaa unywele mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia, mpaka unabaki ule laini usioonekana kwa mbali. Vifuko vya kisogoni na pembeni havijali, hata damu ile ile ikipita humo. Hapo pana jambo ambalo wengi hulipita: watu wawili wanaweza kuwa na DHT sawa kabisa kwenye damu, mmoja akawa na kichwa kilichojaa na mwingine akawa na upara. Kinachowatenganisha zaidi ni jinsi vifuko vinavyoipokea homoni, na hilo ni la kurithi.

Ushahidi kwamba homoni hizi zinahitajika ili upara utokee ni imara. Mwaka 1942 James Hamilton alionyesha kuwa wanaume waliohasiwa kabla ya balehe hawakuota upara, lakini walipopewa testosteroni, wale wenye upara katika ukoo wao walianza kupoteza nywele. Mwaka 1974 Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza kuhusu familia za Jamhuri ya Dominika ambamo wanaume walizaliwa na upungufu wa kimeng'enya kile cha kutengeneza DHT. Wanaume hao hawakupata upara wa kawaida. Kutoka kwenye elimu hiyo ilikuja finasteridi, dawa inayozuia kimeng'enya hicho. Kidonge cha miligramu 1 kwa siku hupunguza DHT ya damu kwa karibu theluthi mbili, na kwa wanaume wengi hupunguza kasi ya upara au huusimamisha.

Kwa hiyo mtu anayesikia kuwa kitu fulani kinapandisha DHT ana sababu ya kushtuka. Swali ni kama kweli kinaipandisha, kwa kiasi gani, na kama kupanda huko kunafika kwenye unywele.

Walichofanya Stellenbosch

Jaribio lilipangwa vizuri. Kila mchezaji alipita vipindi viwili: kimoja cha kreatini na kingine cha plasebo, na katikati palikuwa na mapumziko ya wiki sita. Wala mchezaji wala mpimaji hakujua ni kipindi kipi. Katika kipindi cha kreatini walikunywa gramu 25 za kreatini kwa siku, pamoja na gramu 25 za glukosi, kwa siku 7. Kisha walishuka hadi gramu 5 za kreatini na gramu 25 za glukosi kwa siku 14. Katika kipindi cha plasebo walikunywa glukosi peke yake. Damu ilipimwa mwanzoni, baada ya siku 7 na baada ya siku 21.

Testosteroni haikubadilika. DHT ilipanda kwa asilimia 56 siku ya 7, na siku ya 21 ilikuwa bado juu kwa asilimia 40. Uwiano wa DHT kwa testosteroni ulipanda kwa asilimia 36, kisha ukabaki juu kwa asilimia 22.

Sasa tuweke namba zenyewe mezani, kwa sababu asilimia bila namba iliyoizaa hupotosha. Kabla ya kreatini, wastani wa DHT ulikuwa nanomoli 0.98 kwa lita. Siku ya 7 uliongezeka kwa 0.55 ukafika 1.53. Siku ya 21 nyongeza ilikuwa 0.40, yaani 1.38. Kabla ya plasebo, wastani ulikuwa 1.26. Siku ya 7 ulishuka kwa 0.17 ukafika 1.09, na siku ya 21 ulikuwa umeshuka kwa 0.20 ukafika 1.06.

Tazama namba mbili za mwanzo: 0.98 na 1.26. Hao ni wachezaji wa kundi lile lile, kila mara kabla hawajaanza kunywa walichopangiwa. Tofauti kati ya vianzio hivyo viwili ni 0.28, karibu nusu ya nyongeza yote inayodaiwa kuletwa na kreatini. Maana yake DHT ya kundi hili ilikuwa ikipanda na kushuka kwa kiasi hicho pasipo kreatini kuhusika moja kwa moja, na kipindi cha kreatini kiliangukia kuanza kikiwa chini. Kama kingeanza kwenye 1.26 na kuishia pale pale kwenye 1.53, nyongeza ingekuwa asilimia 21 badala ya 56. Siku ya 21 ingekuwa chini ya asilimia 10.

Wengi wanaoukosoa utafiti huu huishia hapo, na mimi nadhani wanakosea kuishia hapo, kwa sababu upande wa pili nao una hoja. Linganisha miisho badala ya mianzo: siku ya 7, 1.53 kwa kreatini dhidi ya 1.09 kwa plasebo. Hiyo ni tofauti ya 0.44, asilimia 40. Siku ya 21, 1.38 dhidi ya 1.06, asilimia 30. Tofauti hiyo haifutiki kwa kulalamikia vianzio peke yake. Pia, kwa kuwa baadhi ya wachezaji walianza na kreatini ndipo wakaja kwenye plasebo, mtu anaweza kudai kuwa masalia ya kreatini ndiyo yaliyoinua kile kianzio cha 1.26. Kwa kawaida misuli hurudi kwenye kiwango chake cha asili ndani ya wiki nne hadi sita baada ya kuacha, kwa hiyo mapumziko ya wiki sita yanatosha kwa wengi, lakini hayaachi nafasi kubwa.

Kusoma kwangu ni huku: kuna ishara, imechanganyika na mtikisiko wa kawaida wa homoni katika kundi dogo, na asilimia 56 ndiyo namba mbaya kuliko zote za kuielezea. Hata 1.53 bado imo ndani ya kiwango cha kawaida cha mwanamume mzima, ambacho katika maabara nyingi hukaa takriban kati ya nanomoli 1 na 3 kwa lita. Mchezaji aliyepanda kutoka 0.98 hadi 1.53 alitoka ukingo wa chini akasogea ndani kidogo.

Ishara ya namna hiyo inadai kitu kimoja tu: irudiwe. Kwa miaka mingi hakuna aliyeirudia. Kulikuwa na tafiti nyingine zilizogusa jirani yake. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2021 na kundi la wataalamu wa lishe ya michezo yalikusanya majaribio 12 mengine yaliyopima testosteroni kwa watu waliotumia kreatini, kwa dozi za gramu 3 hadi 25 kwa siku. Kumi hayakuona mabadiliko, mawili yaliona ongezeko dogo. Hayo yanasaidia, lakini si jibu kamili, kwa sababu Stellenbosch nao hawakudai kuwa testosteroni ilipanda. Walichodai ni kwamba ubadilishaji wa testosteroni kuwa DHT uliongezeka. Na hapa pana udhaifu mwingine wa dai lote: hakuna njia ya kikemia iliyothibitishwa ambayo kwayo kreatini ingekichochea kile kimeng'enya. Kreatini inafanya kazi ya kuhifadhi na kurudisha fosfeti kwenye misuli ili nishati ipatikane upesi. Haihusiani na ukoo wa homoni.

Mtu alipotazama kichwa

Mwaka 2025 ndipo lilipochapishwa jaribio lililouliza swali lenyewe. Watafiti nchini Irani waliwachukua wanaume 45 wa umri wa miaka 18 hadi 40 waliozoea mazoezi ya kunyanyua vyuma, wakawagawa kwa kura. Nusu walikunywa gramu 5 za kreatini monohidrati kila siku, nusu gramu 5 za maltodekstrini, kwa wiki 12. Waliomaliza ni 38. Walipimwa testosteroni yote, testosteroni huru na DHT. Halafu, jambo ambalo lilikuwa halijafanywa, ngozi ya kichwa ilipigwa picha kwa kamera ya kukuza, wakahesabu msongamano wa nywele, idadi ya mafungu ya nywele yanayotoka pamoja kwenye kitundu kimoja, na jumla ya unene wake.

Hakukuwa na tofauti kati ya makundi mawili. Si katika DHT, si katika uwiano wake kwa testosteroni, si katika nywele. Homoni nyingine zilisogea kadiri wiki zilivyokwenda, lakini zilisogea kwa waliokunywa kreatini na kwa waliokunywa unga mtupu vilevile.

Mtu makini atauliza: lakini hawa hawakuwa na ile wiki ya gramu 25, basi tumelinganisha vitu viwili tofauti? Ni swali zuri na lina jibu la kiasi. Dozi kubwa ya kuanzia kazi yake ni kuijaza misuli haraka, ndani ya siku tano hadi saba. Dozi ndogo ya gramu 3 hadi 5 hufika pale pale, ila inachukua takriban wiki nne. Kufikia wiki ya 12, misuli ya watu wa jaribio la Irani ilikuwa imejaa sawa na ya mtu aliyeanza kwa dozi kubwa. Kama kujaa kwa kreatini mwilini ndiko kunakopandisha DHT, basi kungeonekana. Kinachobaki kuwezekana ni kwamba gramu 25 kwa siku, kwa wingi wake tu, zinaitikisa homoni kwa muda mfupi kisha inatulia. Namba za Stellenbosch zenyewe, 1.53 kushuka hadi 1.38 baada ya dozi kupunguzwa, haziipingi dhana hiyo. Lakini mtikisiko wa wiki moja si kitu cha kuleta upara.

Mipaka ya jaribio hili nayo isifichwe. Watu 38 ni wachache, na badiliko dogo linaweza kupita bila kuonekana. Wiki 12 zinatosha kuona homoni ikibadilika na kuona nywele zikipukutika kwa wingi, lakini kwa upara wa kurithi ni mwanzo tu. Na washiriki hawakuchaguliwa kwa sababu walikuwa wameanza kupata upara, ilhali hao ndio wenye vifuko vinavyoweza kuathirika na hao ndio wanaouliza swali. Wanawake hawakuwemo katika jaribio lolote kati ya haya mawili.

Kalenda ya unywele

Bado wapo watu wanaosema: nilianza kreatini, nywele zikaanza kutoka. Sidhani wanadanganya. Walichokiona kilitokea. Kinachohitaji kuchunguzwa ni tarehe, kwa sababu unywele una kalenda yake na haiharakishwi.

Unywele wa kichwani hukua kwa miaka miwili hadi sita. Kisha huingia kipindi kifupi cha wiki mbili tatu cha kusinyaa, halafu hupumzika kwa karibu miezi mitatu ukiwa bado umeshika mahali pake. Mwisho wa mapumziko ndipo unapodondoka. Kati ya nywele zako zote, takriban moja kwa kila kumi iko mapumzikoni wakati wowote, na kudondosha 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida.

Basi chukua mfano wa kijana wa miaka 24. Tarehe 1 Januari anaanza mambo matatu kwa mpigo, kama watu wengi wanavyofanya: anajiunga na jimu, anakata chakula ili apunguze mafuta kabla ya kujenga misuli, na anafungua kopo la kreatini. Tarehe 14 Januari anaona nywele nyingi kwenye sinki. Analaumu kopo. Lakini unywele uliodondoka tarehe 14 Januari uliingia mapumzikoni karibu katikati ya Oktoba. Wakati huo kreatini haikuwepo. Kama kuna sababu, iko Oktoba au kabla yake kidogo: homa kali, upasuaji, msongo mkubwa, lishe duni. Au hakuna sababu, ila ameanza kuangalia sinki.

Tuseme badala yake nywele zinaanza kutoka kwa wingi katikati ya Machi. Sasa tarehe zinakubali, kwa sababu ni kama wiki 10 baada ya tarehe 1 Januari. Lakini zinakubali kwa mambo yote matatu, na mojawapo lina rekodi ndefu ya kufanya hivyo hasa: kukata chakula ghafla. Mwili unaopungukiwa nishati, protini au chuma husukuma nywele nyingi kwa pamoja kwenye mapumziko, na baada ya miezi miwili hadi mitatu zinadondoka pamoja kutoka kichwa kizima. Hali hii hutulia yenyewe ndani ya miezi kadhaa chakula kikirudi. Kinachoitofautisha na upara wa kurithi ni kwamba haichagui utosi na kona za paji, na nywele zinazotoka ni za unene wa kawaida, si nyembamba.

Kuna mtego mwingine. Kijana huyo huyo akiwa na hofu ya upara huenda akaanza kupaka minoksidili mwezi ule ule. Dawa hiyo hufahamika kwa kuangusha nywele katika wiki mbili hadi nane za kwanza, kwa sababu inazifukuza zile zilizo mapumzikoni ili mpya ziote. Ni miongoni mwa mambo machache yanayoweza kuleta mpukutiko wa haraka hivyo, na mara nyingi lawama inapewa unga wa kreatini.

Ama upara wa kurithi wenyewe, huo ndio wenye kalenda ndefu kuliko zote. Tazama kinyume chake: finasteridi inashusha DHT kwa theluthi mbili ndani ya siku chache, lakini tofauti ya nywele haionekani kabla ya miezi mitatu hadi sita, na madaktari hungoja mwaka mzima kabla ya kuamua kama imefanya kazi. Ikiwa kushuka kukubwa hivyo kunachukua miezi kuonekana, kupanda kidogo hakuwezi kuonekana ndani ya wiki mbili. Na upara huu huanza kwa wanaume wengi katika miaka yao ya ishirini, umri ule ule ambao wengi huanza kunyanyua vyuma. Katika kundi lolote kubwa la vijana wa jimu, baadhi wangeanza kupata upara mwaka huo hata kama wangekunywa maji matupu.

Nyongeza moja isisahauliwe: homoni za kujengea misuli zinazochomwa au kumezwa ni jambo tofauti kabisa. Hizo zinaweza kuharakisha upara kwa mwenye urithi huo, na kuna virutubisho vya unga vilivyowahi kukutwa vimechanganywa nazo bila kuandikwa. Mtu anayetumia mchanganyiko wenye viungo kumi na tano hawezi kusema ni kreatini. Kopo lenye kiungo kimoja tu, kreatini monohidrati, ndilo linaloweza kuchunguzwa.

Kwa anayetaka kutumia na bado ana wasiwasi

Acha wiki ya dozi kubwa. Ishara pekee iliyowahi kuonekana ilitoka kwenye gramu 25 kwa siku, na dozi hiyo haikupi kitu ambacho gramu 3 hadi 5 hazitakupa ukisubiri wiki nne. Pima kwa mizani ndogo, maana vijiko hutofautiana. Dozi kubwa pia ndiyo inayoharisha watu, kwa hiyo hupotezi chochote cha thamani.

Usianze siku moja na kukata chakula, wala na dawa ya kupaka, wala na kirutubisho kingine kipya. Acha nafasi ya miezi mitatu kati ya badiliko moja na jingine. Ni muda mrefu, lakini ndio urefu wa mapumziko ya unywele. Ukiuvunja hutajua nini kimefanya nini.

Piga picha kabla ya kuanza. Nywele ziwe kavu, safi, bila mafuta, na za urefu ule ule kila mara. Simama mahali pamoja chini ya taa moja, kamera iwe mbali kiasi kile kile: picha ya utosi kutoka juu, ya paji la uso kutoka mbele, na ya kila kona. Rudia mwezi wa 3, wa 6 na wa 12. Kosa la kawaida ni kulinganisha picha ya nywele zilizolowa na ya nywele kavu. Nywele zilizolowa hushikana na kuonyesha ngozi, na kichwa kile kile kinaonekana kimepungua ndani ya dakika tano.

Ukitaka namba, kabla ya kuosha nywele ziinamishe mbele juu ya kitambaa cha rangi tofauti, zichane kwa sekunde 60 kutoka utosini kuja mbele, kisha hesabu zilizodondoka. Fanya hivyo kabla ya kuosha mara tatu mfululizo, uchukue wastani. Kwa wanaume wenye nywele za kuchanika wastani ni kama 10. Kwa nywele fupi sana au za kipilipili kipimo hiki hakifai, kwa sababu kitana hukata nywele, na unywele uliokatika si sawa na uliotoka. Uliotoka una kivimbe cheupe kwenye ncha moja. Uliokatika hauna.

Kupima DHT kwenye damu sikushauri, ingawa ndicho wengi hukikimbilia. Testosteroni kwenye damu ni takriban mara kumi ya DHT, na vipimo vya bei rahisi vinavyotumia kingamwili huweza kuzichanganya. Kipimo cha kuaminika ni kile kinachotenganisha molekuli kwa uzito wake. Hata hicho kikitumika, namba moja haina maana: tumeona kundi zima likitofautiana kati ya 0.98 na 1.26 kabla ya kunywa chochote. Angalau damu itolewe mara mbili asubuhi kabla ya kuanza na mara mbili baadaye, katika maabara moja. Na ukishapata namba zako, kichwa chako bado hujakipima.

Anayetumia finasteridi tayari anaweza kujipigia hesabu. DHT ya 1.26 ikishuka kwa asilimia 70 inabaki karibu 0.38. Hata tukiikubali ile asilimia 56 yote bila kuipunguza, inafika 0.59, chini ya nusu ya alipoanzia. Na kwa kuwa kimeng'enya kimezibwa, hakuna sababu ya kutarajia hata hiyo.

Picha za mwezi wa 12 zikionyesha utosi umepungua na kona zimerudi nyuma huku kisogo kikiwa kama kilivyokuwa, huo ni upara wa kurithi. Unatibiwa kama upara wa kurithi, uendelee na kreatini au uache. Ikiwa nywele zinatoka kwa mabaka ya mviringo, au ngozi inawasha, inauma, inatoa magamba au imekuwa laini na kung'aa bila vitundu, usingoje mwezi wa 12. Hiyo haihusiani na kreatini wala DHT, na baadhi ya magonjwa hayo huua kifuko cha unywele moja kwa moja. Nenda kwa daktari wa ngozi wiki hiyo hiyo.